Nyani akikutolea meno ukiwa na mfuko wa ndizi

SWALI: Kaka, mimi nakaa Diani. Wiki jana nimetoka dukani na ndizi na mkate kwa mfuko, mwanangu wa miaka minne ananifuata nyuma na biskuti mkononi. Nyani mmoja mdogo akashika mfuko, mimi nikavuta, akatoa meno yote mpaka ufizi unaonekana na kupiga kelele ya ajabu sijapata kusikia. Kulikuwa na mwengine mkubwa amekaa ukutani, yeye anapiga mwayo tu kama amechoka. Zile kelele zikanitia hofu nikatupa kila kitu, wakaja kama kumi wakala. Mume wangu ananicheka, ati yule mdogo alikuwa anatabasamu. Kwani alitaka kuniuma ama vipi?

JIBU: Dada yangu pole sana, na mwanao mpe pole yake pia, biskuti ya mtu ikichukuliwa na nyani inauma. Sasa nianze na kitu ambacho najua kitakushangaza: kati ya wale wawili, ulimwogopa asiyefaa kuogopwa. Yule mdogo wa kelele na ufizi nje alikuwa anakuogopa wewe. Yule mkubwa aliyekuwa anapiga mwayo pale ukutani, huyo ndo alikuwa anakutishia, na mwayo ule haukuwa wa usingizi hata kidogo.

Watu wengi wanadhani meno ni meno, akiyatoa basi anataka kuuma. Kwa nyani si hivyo. Kuna kutoa meno kwa aina mbili na zinasema mambo yanayopingana kabisa, halafu mtu aliyeshika mkate na mtoto mkononi hana nafasi ya kuchunguza, anaona weupe wa meno basi roho inaruka. Mimi nimekaa na hawa wa pwani miaka mingi, na daftari na darubini, na bado siku moja nikiwa na mahamri mawili kwenye mfuko wa shati nilisoma vibaya nikazabwa kofi la kifua na dume, mahamri yakaenda na kifungo kikaenda. Kwa hiyo sikucheki.

Tuanze na huyo mdogo. Ulivyoandika, meno yote mpaka ufizi, hiyo ndo alama kubwa. Anayeogopa anavuta midomo nyuma na pembe za mdomo zinaelekea masikioni, kama mtu anakenua meno, na unaona safu nzima ya mbele ya juu na ya chini na ule ufizi mwekundu. Akiwa na woga wa kawaida meno yanakuwa yamefungana na hakuna sauti, ukimkamata kabisa kwenye kona ama ukivutana naye kitu, mdomo unafunguka na kelele zinatoka. Macho yake hayatulii juu yako, anakutupia jicho halafu anaangalia pembeni, anakuangalia tena, anaangalia pembeni. Mwili umeinama, uzito wote uko kwenye miguu ya nyuma kama mtu anayetaka kukimbia lakini mkono umenasa, mara nyingi mkia umesimama wima, na wengine wanajisaidia hapo hapo. Bila shaka ulikuwa na shughuli ya kuvuta mfuko hukuangalia mkia, lakini ukirudisha picha kichwani utakumbuka alikuwa anavuta akiegemea nyuma na si akija mbele.

Huko kukenua, baina ya nyani wenyewe kwa wenyewe, ni kama kusema "shikamoo mkubwa, sikutafuti ugomvi". Mdogo anamfanyia mkubwa, jike la chini linamfanyia jike la juu anapopita karibu na chakula. Na hapo mume wako usimtupe kabisa, kuna mtaalamu wa Uholanzi anaitwa Jan van Hooff, tangu miaka ya 1960 na 1970 amekuwa akieleza kwamba tabasamu letu sisi binadamu huenda lilitoka kwenye uso huo huo wa kukenua kwa unyenyekevu. Kwa hiyo mzee amekaribia mzizi wa jambo, ila amekosea siku hii. Hakuna tabasamu lenye mayowe.

Sasa hizo kelele. Hapa ndo kuna utamu wa hadithi yenyewe, kwa sababu wewe ulidhani unapigiwa kelele wewe. Hapana. Wewe ulikuwa unaangaliwa, lakini waliokuwa wanaitwa ni wengine. Kelele ile ni ya kumwita mama, dada, shangazi, yeyote mwenye nguvu aliye karibu: "njooni mnaona ninavyofanyiwa!" Mtoto wa jirani akinyang'anywa mpira hamlilii aliyemnyang'anya, analia akielekeza uso mlangoni kwao. Ni hivyo hivyo. Na kule kutupa macho huku na huku nilikokutajia si woga peke yake, ni kazi. Kule Gombe, miaka ya 1970, mtafiti Craig Packer aliwafuata madume ya nyani akaona yule anayetaka msaada kwenye ugomvi anageuza kichwa haraka haraka, anamtazama mwenzake, anamtazama adui, anamtazama mwenzake, kama anayemwonesha kwa kidole "ni huyu hapa". Huyo wako alikuwa anakuonesha wewe kwa ndugu zake.

Na wanaoitwa wanajua nani analia. Huko Amboseli, mwaka 1980, Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walitangaza jaribio moja walilofanya na tumbili, mpaka leo nikilisimulia watu wanaguna. Walirekodi kelele za watoto wa tumbili, wakaficha spika kichakani, wakasubiri mpaka majike kadhaa wamekaa pamoja na mtoto mwenyewe haonekani, wakafungulia. Mama wa yule mtoto akageuka kutazama kichaka. Hilo mtu atasema sawa, mama ni mama. Lakini wale majike wengine hawakutazama kichaka, walimtazama mama! Yaani walishajua huyu anayelia ni wa nani na wanangoja waone mwenyewe atafanya nini. Kwa hiyo ulipovuta ule mfuko na kelele zikaanza, si kwamba nyani kumi walisikia tu zogo, walisikia mtoto wa fulani yuko kwenye shida, na kila mmoja akapiga hesabu yake.

Kuna nyingine ya Afrika Kusini, milima ya Drakensberg, hii inafanana na yako mpaka inachekesha. Richard Byrne na Andrew Whiten, miaka ya 1980, walikuwa wanafuata kundi la nyani. Kijana mmoja waliyempa jina Paul akamkuta jike mzima, Mel, anachimba kiazi cha porini kwenye ardhi ngumu, kazi ambayo yeye Paul kwa umri wake hangeiweza. Mel hakumgusa wala kumkemea. Paul akatazama huku na huku, hakuna nyani mwengine machoni, halafu akapiga mayowe kama anayeuawa. Mama yake, ambaye cheo chake ni juu ya Mel, akatokea mbio, akamfukuza Mel mpaka wakapotea machoni. Paul akakaa akala kiazi. Watu wanabishana kama alipanga kwa akili ama alishajifunza tu kwamba ukilia karibu na mwenye chakula chakula kinabaki, na mimi binafsi naona hiyo ya pili inatosha kabisa, haihitaji ujanja mkubwa. Mtoto alilia mara moja kwa woga wa kweli, chakula kikaanguka, mara ya pili tena kikaanguka, basi. Sauti imeshajua faida yake.

Sasa geuza macho ujitazame wewe na mfuko wako. Mel ni wewe.

Na hapa ndo jibu la kwa nini hasa watu wenye chakula. Maisha ya nyani yanaendeshwa na cheo. Binti anazaliwa anachukua nafasi chini kidogo ya mama yake na anaishi nayo kwenye kundi lile lile mpaka anakufa, madume ndo wanahamahama na kupigania nafasi zao upya kila wanakoingia. Cheo hakioneshwi kwa vita kila siku, wangekuwa wameisha. Kinaoneshwa kwa kitu kidogo sana: mkubwa anakuja, mdogo anaondoka alipokaa na kuacha alichokuwa anakula. Ndo hivyo tu. Hakuna kofi, hakuna kelele, unaona jike limekaa na tunda, jengine linatembea polepole kumwelekea, la kwanza linanyanyuka linaenda kukaa pembeni kama limekumbuka jambo. Sasa binadamu anayebeba ndizi halafu akisogelewa anazitupa na kurudi nyuma, kwa macho ya nyani amefanya nini? Amejiweka chini. Kwa lugha yao umeshatoa shikamoo. Kesho ukipita pale pale na mfuko, wanakujua, na si wewe tu, wanajua umbo la mfuko na saa unazopita.

Na si lazima kila mtu atupe. Mmoja kati ya kumi akitupa inatosha kuwaweka wale wengine tisa kwenye mtihani, maana nyani anayepata mara moja moja bila kujua lini hachoki kujaribu, anazidi kung'ang'ania kuliko anayepewa kila siku. Kuna hoteli moja, jina haina haja, walikuwa wanaacha wageni wawarushie mkate asubuhi ili wapige picha, na jioni askari wa hoteli hiyo hiyo wanawakimbiza kwa manati. Sasa mnyama ajifunze lipi? Alijifunza kwamba mwenye kamera ni wa kunyang'anya na mwenye panda la manati ni wa kukimbia, na sisi tunaopita barabarani bila kamera wala manati tukawekwa kundi la kwanza.

Usione vibaya nikisema hili: wanawake na watoto wanasumbuliwa zaidi. Wakulima wa kila mahali penye nyani wanakwambia hivyo, mwanamke akilinda shamba peke yake nyani hawakimbii mbali kama akiwepo mwanamume. Sababu kubwa, kwa ninavyoona, ni kwamba wanaume ndo wanaowatupia mawe na kuwakimbiza na mbwa tangu zamani, halafu mwili mkubwa. Mtoto wa miaka minne ni jambo jengine, urefu wake unamleta macho kwa macho na dume aliyekaa chini, biskuti iko usawa wa mdomo wa nyani, na mtoto anakodoa macho kwa mshangao bila kupepesa. Kukodoa macho, kwa nyani, ndo mwanzo wa ugomvi.

Hiyo inanileta kwa yule wa ukutani.

Dume la nyani wa pwani, huyu wa manjano manjano tofauti na yule wa kijani cheusi wa Nakuru na Manyara, linafika kilo 25 hivi, jike ni kama nusu yake. Chonge zake za juu zinapita sentimita 4 na nyuma zina makali kama kisu, zinajinoa zenyewe kwa jino la chini. Silaha kama hiyo hutumii ovyo kwa sababu na mwenzako anayo, kwa hiyo inatangazwa kwanza. Tangazo linaanza kimya kimya. Anakutazama moja kwa moja bila kugeuza shingo. Halafu nyusi zinaruka juu, ngozi ya kichwa inarudi nyuma, masikio yanalala, na hapo unaona kope zake, ni nyeupe kuliko uso wote uliobaki, zinawaka kama mtu amewasha na kuzima taa. Watu hawalioni hilo kabisa kwa sababu wote wanangoja meno. Halafu ndo mdomo unafunguka, mkubwa, kichwa kimenyanyuliwa kidogo ili chonge zionekane vizuri. Huo ndo mwayo uliouona. Kama macho yake yalikuwa yamefumba na ametulia peke yake kivulini, sawa, nyani naye husinzia. Lakini dume anayepiga mwayo mara mbili tatu mfululizo huku kuna mfuko wa ndizi mita tano mbele yake, huyo ana wasiwasi na hasira ndani na anakuonesha visu.

Kinachofuata, kama hukuondoka, ni manyoya ya mabega kusimama anaonekana mkubwa mara mbili, kupiga chini kwa kiganja ama kusugua ardhi, mguno mzito wa kifuani unaokuja na pumzi, halafu kuruka mbele. Huko kuruka mbele mara nyingi kunakatika njiani, anasimama hatua chache kabla yako anatazama utafanya nini. Na utaona mwili wote tofauti na wa mdogo, uzito uko mbele kwenye mikono. Mimi nikifundisha vijana wa kutembeza wageni huwa nawaambia sahau meno kwanza, tazama mwili umeegemea wapi, na macho yametulia au yanahangaika. Anayeegemea nyuma na macho yanaruka, anaogopa. Anayeegemea mbele na macho yametulia kama msumari, anatisha. Na midomo nayo inasaidia, wa kutisha midomo imekaza ama mdomo umefunguka wa mviringo na ufizi hauonekani sana, wa kuogopa midomo imevutwa nyuma kwa upana.

Usijilaumu kwamba hukujua. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Lincoln cha Uingereza walitoa utafiti wao, waliwaonesha watu picha za nyuso za kima wa kule Moroko wakiwa na hasira, wakiwa na woga, wakiwa wanafanya urafiki. Wasiowazoea wakawa wanauona uso wa hasira kama uso wa kawaida ama hata wa kirafiki. Hata wazoefu walikosea baadhi. Wewe ulikuwa hata huoni picha, ulikuwa unavutana mfuko na mtoto yuko nyuma yako.

Lakini, na hapa nisikilize vizuri, kusema mdogo alikuwa anaogopa si kusema hangeuma. Nyani aliyebanwa anauma kwa woga, na kuumwa kwingi ninakokujua mimi kumetokana na vitu viwili: mtu anavutana mfuko, ama mtu anamzuia njia ya kutokea bila kujua. Ungemvuta mpaka ukutani na mkono umenasa kwenye shingo ya mfuko angekuuma bila kufikiri. Na jambo la pili, zile kelele zinaweza kumleta mwenye chonge. Dume ambaye ana urafiki na mama wa yule mtoto huingia ugomvi kwa ajili ya mtoto, na kama yule wa ukutani alikuwa mmoja wa hao, mwayo ulikuwa onyo la kwanza na wewe ulikuwa karibu na la pili. Kwa hiyo kutupa mfuko siku ile, kwa mahali mlipofika, ulifanya sawa. Naweza kulalamika kwamba umewafundisha vibaya na nimeshalalamika hapo juu, lakini kidole chako kina thamani kuliko somo lao.

Kosa lilikuwa dakika mbili kabla. Kuna mstari mmoja hapa: kabla mkono wake haujagusa, kataa. Ukishagusa, achia.

Kabla haujagusa maana yake hivi. Ukiwaona mbele, chakula kinapotea machoni, ndizi zinaingia kwenye kikapu chenye kifuniko ama begi la mgongoni, na begi la mgongoni unaligeuza liwe kifuani kwa sababu mgongoni wanafungua zipu, nimeshuhudia. Ile mifuko myepesi tuliyopewa baada ya plastiki kupigwa marufuku 2017 haikusaidii, wanaijua kama wewe unavyojua boksi la keki. Biskuti ya mtoto aidha iliwe ndani iishe ama ikae mfukoni mwako, na mtoto upande wa mbali na ukuta, mkono umeshika mkono. Ukiwa huna kitu onesha viganja vitupu, wanaelewa haraka sana, ila usioneshe viganja na mfukoni kuna karanga maana pua na macho yao hayadanganyiki na utapekuliwa. Usimkodolee macho dume, usimpe mgongo pia, unamtazama kama kifuani ama miguuni, unapita kwa mwendo wako wa kawaida ukizunguka mbali. Kukimbia ni kumwita. Kutabasamu kwa meno usifanye, kwa sababu ukichanganya meno nje na macho makavu unasema vitu viwili kwa wakati mmoja na hujui yeye atachagua kipi. Ukiwa na fimbo ama mwavuli, kuushika tu unatosha mara nyingi, huna haja ya kuinua. Na usiinue juu ya mtoto wao kabisa, ukimpigisha mtoto kelele umeshaita ukoo.

Ukishaguswa, achia mkono, rudi nyuma ukiwatazama kwa pembeni, mtoto beba. Watakuwa na shughuli. Utaona wanavyojaza mashavu, wana vifuko ndani ya mashavu shingoni kabisa, ndizi tatu zinaingia huko chini ya dakika bila kutafunwa kisha anaenda kukaa mahali salama anazisukuma na mgongo wa mkono moja moja kurudi mdomoni. Tumbili na kima nao wana vifuko hivyo. Mbega hana, wala hutaona mbega anakufuata kwa ajili ya mfuko hapo Diani ingawa mko naye mti mmoja, tumbo lake ni la majani, mkate wako hauna maana kwake.

Kwa kuwa nimetaja tumbili, meno yao ni hadithi hiyo hiyo kwa udogo: kope nyeupe zikipepea juu na kichwa kinainamainama ni kitisho, kukenua na kulia ni woga. Tofauti ni kwamba tumbili akitisha unacheka, nyani akitisha usicheke.

Kama siku ile angekuuma, ama hata mkwaruzo wa jino uliotoa damu, usingoje kuona kama utavimba. Jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, bombani ama unamwagiwa na kata, dakika 15 kamili ukitazama saa, si kusuuza. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, unamwambia daktari ni nyani ili apime habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda na dawa ya vijidudu, maana mdomo ule ni mchafu na jeraha la chonge ni jembamba na refu, juu linafunga na chini linaoza. Mtoto akiumwa usoni ama kichwani hiyo ni ya kukimbia kabisa. Na usikubali mtu akufunge jeraha kwa kushona pale pale kabla daktari hajalitazama.

Sasa mwambie mume wako kwamba kicheko cha nyani kipo, akitaka kukiona. Siku moja jioni wakiwa wamekaa mbali na chakula, tafuta watoto wawili wanaobingirishana chini. Utaona mdomo umefunguka umelegea, kama herufi O, na midomo imefunika meno ya juu, hakuna ufizi, macho yamelegea, na kelele hakuna kabisa, pumzi tu ya hapa na pale. Anamng'ata mwenzake mguu na hamuumizi, mwenzake anageuka na uso ule ule anamng'ata sikio. Halafu mmoja anazidisha nguvu kidogo, midomo ya mwenzake inavutika nyuma ghafla, ufizi unatoka, kelele inaanza, na jike aliyekuwa anachagua chawa mita kumi mbali anainua kichwa.